Saketi ya RLC mfululizo: uisuluhishe kwa mlinganyo, kwa Laplace au kwa kompyuta?

Mpwa wangu alinijia Umoja Jumamosi moja akiwa na karatasi mbili na kimfuko cha vipuri kutoka Luthuli Avenue. Kwenye kimfuko mlikuwa na koili ya milihenri 10, kapasita ya maikrofaradi 1 na rezista kadhaa. Karatasi ya kwanza alikuwa amesuluhisha saketi kwa mlinganyo wa utofautishaji, ya pili kwa Laplace.

"Anko, zote zimetoa jibu lilelile," akasema. "Sasa kwenye mtihani nitumie ipi? Na mwenzangu anasema yeye anaandika programu tu, anamaliza."

Swali zuri, na halina jibu moja. Saketi yenyewe ni hii: rezista, koili na kapasita vimeungwa mfululizo, kapasita haina chaji, hakuna mkondo, halafu kwa ghafla unaipa volti 5. Tunataka kujua volti ya kapasita inapandaje kutoka 0 hadi 5. Hilo ndilo tunaloita mwitikio wa hatua. Nitatumia vipuri vyake vilevile kwa njia zote tatu ili zipimwe kwa mzani mmoja.

## Kwanza: aina ya ufifishaji haihitaji njia yoyote

Wengi hukwama hapa bure. Ukiulizwa tu kama saketi itayumba au haitayumba, usianze kusuluhisha kitu. Jumla ya volti kwenye mzunguko inatoa mlinganyo huu, v ikiwa ni volti ya kapasita:

```
LC v'' + RC v' + v = V

α  = R / (2L)
ω0 = 1 / √(LC)
```

α inasema mtikisiko unakufa kwa kasi gani. ω0 inasema koili na kapasita zingeyumba kwa kasi gani kama rezista isingekuwepo. Ukilinganisha hizo mbili, umemaliza. Hata rahisi zaidi, tafuta upinzani wa mpaka:

```
R mpaka = 2 √(L/C) = 2 √(0.01 / 0.000001) = 200
```

Chini ya omu 200, saketi ya mpwa wangu ina ufifishaji pungufu: volti inapita 5, inarudi, inayumba kidogo kisha inatulia, kama matatu iliyochoka springi ikivuka tuta. Juu ya omu 200 ufifishaji umezidi: volti inajikokota hadi 5 bila kupita. Omu 200 kamili ndio mpaka, nayo hufika haraka kuliko zote zisizopita.

Tahadhari moja. Watu huchanganya α hii na ile ya saketi sambamba, ambayo ni 1/(2RC). Ukiweka omu 250 kwenye fomula hiyo ya sambamba unapata 2,000, ambayo ni ndogo kuliko ω0 ya 10,000, na unaandika "pungufu" wakati jibu ni "umezidi". Njia ya kujikagua: kwenye mfululizo, kila ukiongeza R, ufifishaji lazima uongezeke. Fomula yako ikisema kinyume, umeshika ya jirani.

## Tutazipima kwa vigezo gani

Nimechagua vigezo vinne, kwa kuwa ndivyo vinavyoleta tofauti mtu akiwa na kalamu au kibodi mkononi. Njia inataka nini kabla ya kuanza? Mwishoni inakupa nini, fomula au mchoro tu? Inafanyaje kapasita ikiwa tayari na chaji, au volti inayoingia isipokuwa hatua safi? Na kosa lake la kawaida ni lipi, utalijuaje? Mfano wetu ni R ya omu 120, ambayo inatoa α ya 6,000 na ω0 ya 10,000.

## Njia ya kwanza: mlinganyo wa utofautishaji

Inachotaka. Kalamu, na kukumbuka maumbo matatu ya jibu, moja kwa kila aina ya ufifishaji. Kwa omu 120 mizizi ina sehemu ya kufikirika, na kasi ya kuyumba ni √(10,000² − 6,000²), yaani 8,000. Umbo basi ni hili:

```
v(t) = 5 − e^(−6000t) · (A cos 8000t + B sin 8000t)
```

Zile 5 ni mahali volti itakapotulia. A na B zinatokana na mwanzo. Kapasita haina chaji, kwa hiyo v(0) = 0 na A ni 5. Koili hairuhusu mkondo kuruka ghafla, kwa hiyo mkondo wa mwanzo ni sifuri, na kwa kuwa mkondo ni C mara v', basi v'(0) nayo ni sifuri. Hapo B inakuwa 5 × 6,000 / 8,000, yaani 3.75.

Inachokupa. Fomula kamili ambayo unaweza kuisoma kwa macho. Kilele kinakuja baada ya π/8,000 ya sekunde, karibu maikrosekunde 393, na kina volti 5.47. Ukibadilisha R iwe 250, yaani omu 100 na 150 zilizofuatana, mizizi inakuwa −5,000 na −20,000, na umbo linabadilika:

```
v(t) = 5 − (20/3) e^(−5000t) + (5/3) e^(−20000t)
```

Hapa unaona jambo ambalo njia nyingine hulificha kidogo: kijisehemu cha 20,000 kinakufa haraka sana, na kinachobaki kikikuchelewesha ni kile cha 5,000 peke yake. Ndiyo maana saketi iliyozidi ufifishaji huonekana kwa mbali kama rezista na kapasita tu.

Mwanzo usio sifuri. Rahisi. Kapasita ikiwa na volti 2 tayari na mkondo ukiwa sifuri, A inakuwa 3 na B inakuwa 2.25. Volti inayoingia ikiwa si hatua, tuseme inapanda polepole, kazi inaongezeka: inabidi ukisie upya umbo la sehemu inayobaki baada ya mtikisiko kuisha.

Inapokosea. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kutafuta A na B kabla ya kuweka zile 5. Anaweka v(0) = 0 kwenye sehemu ya mtikisiko peke yake, A inakuwa sifuri, B inakuwa sifuri, halafu anaongeza 5. Jibu lake linasema kapasita imefika volti 5 papo hapo. Weka t = 0 kwenye jibu lako la mwisho. Likikataa kutoa sifuri, rudi nyuma.

Inamfaa nani. Anayeanza, na anayetaka kuelewa kwa nini michoro hii ina sura iliyo nayo. Pia mwenye swali moja fupi la hatua moja.

## Njia ya pili: Laplace

Inachotaka. Jedwali la Laplace, kichwani au kwenye karatasi, na aljebra isiyotetereka. Kinachofurahisha ni kwamba hali ya mwanzo inaingia kwenye mstari wa kwanza na huirudii tena. Kwa saketi yetu inayoanzia sifuri:

```
V(s) = 5·10^8 / [ s (s² + 12000 s + 10^8) ]

     = 5/s − (5s + 60000) / [ (s + 6000)² + 8000² ]
```

Sasa simama hapo, maana hapo ndipo watu huangukia. Kabla ya kufungua jedwali, sehemu ya juu lazima nayo iandikwe kwa s + 6,000. Kwa hiyo 5s + 60,000 inakuwa 5(s + 6,000) + 30,000. Kipande cha kwanza kinatoa 5 cos, cha pili kinatoa 30,000/8,000 sin, yaani 3.75 sin. Jibu lilelile la karatasi ya kwanza.

Inachokupa. Fomula ileile, lakini pamoja nayo unapata kitu cha kudumu: usemi wa saketi katika s, ambao unaweza kuulisha volti nyingine yoyote. Ukitaka mkondo badala ya volti, huanzi upya:

```
I(s) = 500 / [ (s + 6000)² + 8000² ]
i(t) = 0.0625 e^(−6000t) sin 8000t
```

Mstari mmoja, hakuna kugawanya visehemu. Kwa njia ya kwanza ungelazimika ama kutofautisha jibu refu ama kuanza tena na mlinganyo wa mkondo.

Mwanzo usio sifuri na volti nyingine. Hapa ndipo Laplace inapojilipa. Volti inayopanda taratibu, mpigo mfupi, au hatua inayochelewa, zote ni kubadilisha kile unachozidisha nacho. Kwa hatua moja safi, kusema kweli, faida hiyo huioni.

Inapokosea. Ukisahau kuhamisha s kuwa s + 6,000, utagawanya 60,000 kwa 8,000 na kuandika 7.5 sin badala ya 3.75. Fomula itaonekana nadhifu kabisa. Itaanzia sifuri vizuri na kuishia 5 vizuri, kwa hiyo ukaguzi wa t = 0 peke yake hautakuokoa. Lakini itafute mteremko wa mwanzo: v' inatoka −30,000. Maana yake kapasita inaanza kwa kushuka chini ya sifuri wakati chanzo kinaisukuma juu, na koili inadaiwa kuwa na mkondo tangu sekunde ya kwanza. Hakuna koili ya hivyo. Mpwa wangu alikuwa amelifanya kosa hili, akalifuta baada ya kuona majibu mawili hayalingani. Angekuwa na karatasi moja asingelijua.

Inamfaa nani. Mwenye maswali kadhaa juu ya saketi moja, anayeelekea somo la udhibiti, au ambaye ingizo lake si hatua tu.

## Njia ya tatu: kompyuta, hatua kwa hatua

Inachotaka. Laptopu, au hata simu yenye Python. Hutumii fomula yoyote ya jibu. Unaiambia kompyuta sheria mbili tu, kwamba koili hubadili mkondo kwa kadiri ya volti iliyoibakia, na kapasita hubadili volti kwa kadiri ya mkondo:

```python
R, L, C, V = 120, 10e-3, 1e-6, 5
h = 1e-6
i = v = kilele = 0
for n in range(2000):
    di = (V - R*i - v) / L
    dv = i / C
    i, v = i + h*di, v + h*dv
    kilele = max(kilele, v)
print(kilele)
```

Inachokupa. Namba na mchoro, si fomula. Haijali ufifishaji ni wa aina gani. Badilisha R iwe 120, 200 au 250 na programu ni ileile, hakuna umbo la tatu la kukumbuka. Lakini haikuambii kwa nini. Ukitaka kujua R ipi inatoa kilele cha volti 5.2, itabidi ujaribu na kujaribu.

Mwanzo usio sifuri na volti nyingine. Andika v = 2 kwenye mstari wa tatu, basi. Volti yoyote inayoingia, hata iliyopinda vipi, inakubalika. Koili ambayo milihenri zake zinashuka mkondo ukizidi, jambo linalozishinda karatasi zote mbili, hapa ni mstari mmoja wa ziada.

Inapokosea. Hii inahitaji nafasi, kwa sababu kosa lake halionekani kama kosa. Programu hiyo juu inatumia njia ya Euler, ambayo inadhani kila kitu kimesimama ndani ya kila kipande cha muda h. Kwa h ya maikrosekunde 1 inatoa kilele cha volti 5.48, karibu sana na 5.47 ya kweli. Sasa ongeza h iwe maikrosekunde 20, ambayo machoni bado ni ndogo ukilinganisha na 393 za kilele. Kilele kinaruka hadi karibu volti 5.7. Mchoro ni laini, mzuri, na unasema uongo: saketi inaonekana ina ufifishaji mdogo kuliko ilio nao. Ukifika maikrosekunde 100 kila hatua inabakiza asilimia 89 ya mtikisiko, wakati saketi halisi ingebakiza 55 tu. Ukipita 120 mtikisiko unakua badala ya kufa, na programu inakupa volti za ajabu.

Kipimo ni rahisi: punguza h kwa nusu, endesha tena. Kilele kikisogea kwa kiasi unachokijali, h yako bado ni kubwa. Usiamini mchoro ambao hujaupunguzia h angalau mara moja.

Inamfaa nani. Anayetaka kuona maumbo mengi kwa haraka, mwenye kipuri kisichofuata sheria ya mstari mnyoofu, na anayetaka kukagua karatasi yake.

## Omu ambazo hakuna karatasi iliyoziandika

Juma lililofuata mpwa wangu alipata osiloskopu ya kuazima. Akaweka rezista ya omu 120, jenereta ya mawimbi ikatoa mraba wa kati ya 0 na volti 5 kwa hezi 200. Alichagua 200 kwa busara, kwa sababu nusu ya wimbi ni milisekunde 2.5 na saketi inatulia ndani ya milisekunde 1, kwa hiyo kila hatua inaanzia pale iliyotangulia ilipotulia. Akanipigia.

"Anko, karatasi zinasema 5.47. Programu inasema 5.48. Kioo kinasema 5 bila kilele chochote. Nani mwongo?"

Nikamwambia achomoe koili aipime kwa mita. Omu 25. Waya wa shaba mwembamba uliozungushwa mara nyingi ni rezista pia. Kisha jenereta yenyewe ina omu 50 ndani yake, na hizo zimo kwenye mfululizo upende usipende. Kwa hiyo R ya kweli haikuwa 120, ilikuwa 195. Mpaka ni 200. Ufifishaji bado ni pungufu kwa jina, lakini kilele kinachobaki ni kidogo mno hata osiloskopu haikioni.

Tukatoa hesabu: 120 toa 75 ni 45, na dukani kuna 47. Akaweka ya omu 47, jumla ikawa 122, na hesabu ikasema kilele cha volti 5.45 kwenye maikrosekunde 396. Kioo kikaonyesha kilele cha kama 5.4. Tulilipokea jibu hilo.

Njia zote tatu zilikuwa sahihi na zote tatu zilitoa jibu la saketi isiyokuwepo. Ndiyo maana huwa nashangaa watu wakigombana kuhusu Laplace na mlinganyo huku hakuna aliyepima koili.

Jambo lingine la kioo: usijaribu kuthibitisha ufifishaji wa mpaka kwa vipuri vya kawaida. Koili na kapasita zikiwa na tofauti ya hadi asilimia 10 kila moja, upinzani wa mpaka unaweza kuwa popote kati ya omu 181 na 221. Ukiweka jumla ya omu 200 hujui uko upande gani, na kwa macho haina tofauti. Ufifishaji wa mpaka ni mstari kwenye karatasi. Mezani ni ukanda.

Na ukiunganisha, kapasita iwe mwisho, mguu wake mmoja ukiwa kwenye ardhi ya jenereta. Kibanio cha ardhi cha osiloskopu kwa kawaida kimeunganika na ardhi hiyohiyo. Ukikibana katikati ya saketi, umekipigia shoti kila kilicho chini yake.

## Uchague ipi

Ukiwa kwenye mtihani na swali linasema tu "bainisha aina ya ufifishaji", linganisha R na 2√(L/C), andika mstari mmoja, songa mbele.

Swali likitaka v(t) kwa hatua moja na saketi ilikuwa imetulia, mlinganyo wa utofautishaji kwa kawaida ni mfupi zaidi, mradi unayakumbuka maumbo matatu. Kama unayasahau, tumia Laplace, maana mizizi itakuonyesha umbo yenyewe. Kagua v(0) na v'(0), zote mbili.

Swali likitaka volti, mkondo na jibu la ingizo jingine juu ya saketi ileile, anza na Laplace tangu mwanzo.

Kama unabuni kitu na unataka kuona R kumi tofauti kabla ya kwenda dukani, fungua kompyuta, lakini h iwe ndogo na uipunguze mara moja kuthibitisha.

Na kama vipuri tayari viko mezani, njia yoyote itafaa, ila kabla ya kuandika R pima koili kwa mita, ongeza omu za jenereta, kisha angalia kama jenereta yako imepangwa kwa mzigo wa omu 50. Ikiwa hivyo, kioo kitakuonyesha volti 10 pale ulipoandika 5, nawe utaanza kumtafuta mwongo mwingine.